Mwitikio wa impulsi wa saketi ya RC: jinsi ya kupata tokeo la palsi kwa konvolusheni

Chukua rezista ya kiloomu 10 na kapasita ya nanofaradi 100. Zifunge kwa mfuatano: ingizo linaingia kwenye rezista, rezista inaungana na kapasita, na mguu wa pili wa kapasita unakwenda ethi. Tokeo tunalisoma kwenye kapasita. Sasa tunaingiza palsi moja ya volti 5 inayodumu milisekunde 2, kisha ingizo linarudi sifuri na kubaki hapo. Tunataka kujua volti za kapasita katika kila wakati, tangu palsi inapoanza hadi chaji inapokwisha.

Swali hili lina njia zaidi ya moja. Unaweza kuutatua mlinganyo wa saketi kipande kwa kipande. Tutapita njia ya konvolusheni kwa sababu haitegemei umbo la ingizo: ukishapata mwitikio wa impulsi mara moja, umepata chombo cha kushughulikia palsi ya mstatili, ya pembetatu, au wimbi lolote lile. Integrali yenyewe ni fupi. Watu hukwama kwenye mipaka yake, kwa hiyo hapo ndipo nitakapokaa zaidi.

## Hatua ya 1: andika mlinganyo na utafute tau

Ingizo tuliite x(t) na tokeo y(t). Mkondo unaopita kwenye rezista ni (x − y)/R, na mkondo huohuo ndio unaoichaji kapasita, yaani C·dy/dt. Ukivisawazisha unapata:

```
RC · dy/dt + y = x
```

Zao la RC ndilo konstanti ya muda, tau (τ). Hapa ni omu 10,000 mara faradi 0.0000001, yaani sekunde 0.001, au milisekunde 1. Nakushauri ufanye kazi yote iliyobaki kwa milisekunde. Tau ikiwa 1 na palsi ikiwa 2, namba zinakaa kichwani bila kikokotoo. Lakini usiifute τ kwenye fomula eti kwa kuwa thamani yake ni 1. Ukiifuta, utapoteza vipimo na hutajua ulipokosea.

## Hatua ya 2: tafuta mwitikio wa impulsi

Impulsi ni palsi fupi mno na ndefu mno kwenda juu, ambayo eneo lake ni 1. Badala ya kuikariri fomula ya mwitikio wake, fuata kinachotokea ndani ya saketi.

Anza na palsi nyembamba yenye upana ε na kimo 1/ε, huku kapasita ikiwa tupu. Kwa muda huo mfupi kapasita haijapata nafasi ya kupanda, kwa hiyo karibu volti zote ziko kwenye rezista. Mkondo ni 1/(εR). Ukidumu kwa muda ε, chaji inayoingia ni 1/R. Chaji hiyo igawe kwa C, na volti za kapasita zinakuwa 1/(RC), yaani 1/τ. Angalia kwamba ε imejifuta yenyewe: hata ukiifinya palsi kadiri utakavyo, mradi eneo halibadiliki, kapasita inaruka hadi palepale.

Baada ya kuruka, ingizo ni sifuri. Kapasita inamwaga chaji yake kupitia rezista, na volti zinashuka kwa kipeo kama kawaida. Kwa hiyo:

```
h(t) = (1/τ) · e^(−t/τ)   kwa t > 0
h(t) = 0                  kwa t < 0
```

Mstari wa pili si pambo. Unasema kwamba saketi haiwezi kujibu kabla haijaguswa, na baadaye ndio utakaotupa mpaka wa juu wa integrali.

Kabla ya kuendelea, hakiki mambo mawili. Kwanza, kipimo cha h ni "kwa milisekunde", si volti. Inakuwa volti pale tu inapozidishwa na eneo la ingizo, ambalo lina kipimo cha volti-milisekunde. Pili, eneo lote chini ya h ni 1. Hilo lina maana ya moja kwa moja: ukiweka volti 5 zisizobadilika na kusubiri vya kutosha, utasoma volti 5 zilezile kwenye kapasita. Ukipata h ambayo eneo lake si 1 kwa saketi hii, rudi nyuma. Mara nyingi ni 1/τ ya mbele iliyosahaulika.

## Hatua ya 3: elewa unachojumlisha

Ikate palsi kuwa vipande vyembamba. Kipande kilichoingia wakati s, chenye upana ds, kina eneo x(s)·ds. Kwa saketi hiki ni impulsi ndogo: kinainua kapasita kwa x(s)·ds/τ, kisha mchango wake unaanza kupungua. Sasa wewe unaisoma kapasita wakati t. Kipande hicho kina umri wa t − s, kwa hiyo kilichobaki cha mchango wake ni x(s)·h(t − s)·ds. Jumlisha mabaki ya vipande vyote:

```
y(t) = ∫ x(s) · h(t − s) ds
```

Hiyo ndiyo konvolusheni. Herufi mbili hapa zina kazi tofauti kabisa, na kuzichanganya ndiko kunakozaa makosa mengi. t ni wakati unaosoma tokeo. Ndani ya integrali imesimama kama namba ya kawaida. s ni wakati kipande kilipoingia, ndiyo inayotembea. Ukimaliza kuintegreti na bado s ipo kwenye jibu, kuna kitu hakijakamilika.

Kujumlisha huku kunakubalika kwa sababu saketi ni ya mstari, yaani ukiongeza ingizo maradufu tokeo nalo linaongezeka maradufu, na kwa sababu R na C hazibadiliki kadiri muda unavyopita. Weka diodi ndani yake na hesabu yote hii haina mahali pa kusimama. Pia tumechukulia kwamba kapasita ilikuwa tupu mwanzoni; nitalirudia hilo tukifika mezani.

## Hatua ya 4: chora, kisha soma mipaka kwenye mchoro

Usianze kuintegreti. Chukua karatasi, chora mhimili wa s, na uchore palsi: mstatili wa kimo 5 kutoka s = 0 hadi s = 2. Chini yake chora h(t − s) kama grafu ya s. Kwa kuwa s ina alama ya kutoa, mkunjo unageuka: kilele chake cha 1/τ kiko kwenye s = t, na mkia wake unashuka kuelekea kushoto, yaani kuelekea vipande vya zamani. Kulia kwa s = t hakuna kitu, kwa sababu vipande hivyo bado havijaingia.

Sasa usukume mkunjo huo kwenda kulia kwa kuongeza t, na utazame sehemu unayopishana na mstatili. Integrali inafanyika kwenye sehemu hiyo tu. Kuna hali tatu.

t ikiwa chini ya 0, kilele kiko kushoto kwa mstatili na mkia unaelekea kushoto zaidi. Havigusani. Tokeo ni sifuri.

t ikiwa kati ya 0 na 2, kilele kimeingia ndani ya mstatili. Vinapishana kuanzia s = 0, palsi ilipoanza, hadi s = t, mahali h inapokoma. Mpaka wa juu ni t, si 2. Ukiandika 2 hapa unaihesabu palsi ambayo bado haijaingia, na jibu lako litaonyesha volti kwenye kapasita wakati t = 0, jambo ambalo haliwezekani.

t ikizidi 2, kilele kimeupita mstatili na ni mkia tu unaoufunika. Vinapishana kuanzia s = 0 hadi s = 2. Hapa mpaka wa juu ni 2, kwa sababu baada ya hapo x ni sifuri. Ukiandika t, utapata jibu la palsi isiyokwisha: volti zitaendelea kupanda kuelekea 5 ilhali ingizo limeshazimwa.

Kanuni fupi ya mipaka inatokana na mchoro huohuo: mpaka wa juu ni kile kinachokoma mapema kati ya palsi na s = t. Lakini chora hata hivyo. Kwa palsi ya pembetatu au palsi mbili zilizofuatana, hali zinakuwa nne, tano au zaidi, na mchoro utakuonyesha kila moja bila kubahatisha.

## Hatua ya 5: integreti

Kwa t kati ya 0 na 2, toa nje kila kisicho na s:

```
y(t) = (5/τ) · e^(−t/τ) · ∫ e^(s/τ) ds,   s kutoka 0 hadi t
     = (5/τ) · e^(−t/τ) · τ · (e^(t/τ) − 1)
     = 5 · (1 − e^(−t/τ))
```

τ iliyozaliwa na integrali imekatana na 1/τ iliyokuwa mbele. Kama hazikukatana kwako, tafuta ulikoiacha moja.

Kwa t zaidi ya 2, kazi ni ileile ila mpaka wa juu ni 2:

```
y(t) = 5 · e^(−t/τ) · (e^(2/τ) − 1)
```

Umbo hili ni sahihi, lakini lina kitu kinachokua, e^(2/τ), na halionyeshi wazi kinachoendelea. Liandike upya kwa kuhesabu muda tangu palsi ilipozimwa:

```
y(t) = 5 · (1 − e^(−2/τ)) · e^(−(t − 2)/τ)
```

Sasa linasomeka: kapasita ilifika kilele fulani palsi ilipokwisha, na kuanzia hapo inashuka. Kilele ni 5 mara (1 − 0.1353), yaani volti 4.323. Wakati wa milisekunde 1 tokeo lilikuwa volti 3.161. Milisekunde 3, ni 4.323 mara 0.3679, yaani volti 1.590. Milisekunde 5, imebaki volti 0.215.

## Hatua ya 6: hakiki kwa eneo

Hakiki rahisi ni kuingiza t = 2 kwenye vipande vyote viwili. Vyote lazima vitoe 4.323, kwa sababu volti za kapasita haziruki isipokuwa kwa impulsi halisi, na palsi yetu si impulsi. Hakiki hii ni nzuri, ila inaweza kukupita endapo vipande vyote viwili vina kosa moja.

Kwa hiyo ongeza ya pili, ambayo mimi siiachi kamwe. Katika konvolusheni, eneo la tokeo ni eneo la ingizo mara eneo la h. Ingizo letu lina eneo la 5 mara 2, yaani volti-milisekunde 10, na h ina eneo la 1. Basi eneo chini ya y lazima liwe 10. Sehemu ya kupanda: 5 mara (2 − 0.8647), ambayo ni 5.677. Sehemu ya kushuka: kilele mara τ, yaani 4.323. Jumla ni 10.000. Saketi imechelewesha na kutandaza kile ilichopewa, lakini haijaongeza wala kupunguza eneo.

## Palsi ikiwa fupi sana

Kuna faida ya kujua kwa nini ε ilijifuta katika hatua ya 2. Ipunguze palsi ya volti 5 hadi milisekunde 0.05, yaani moja ya ishirini ya tau. Eneo lake ni 0.25. Ukilizidisha na h moja kwa moja, bila integrali yoyote, unatabiri kuruka hadi volti 0.25 kisha kushuka. Hesabu kamili inatoa kilele cha volti 0.244. Tofauti ni kama asilimia 2 na nusu.

Hivyo ndivyo mwitikio wa impulsi unavyopimwa mezani, kwa kuwa hakuna jenereta inayotoa impulsi halisi. Unatoa palsi fupi kuliko tau mara ishirini au zaidi, unalinasa tokeo kwenye osiloskopu, kisha unaligawa kwa eneo la palsi. Hata palsi ikiwa na kona zilizolala kidogo, haidhuru. Kwa saketi hii kinachohesabika ni eneo lake. Bei yake ni kwamba tokeo linakuwa dogo na kelele inaanza kuonekana, kwa hiyo ongeza kimo cha palsi kabla hujafikiria kuifupisha zaidi.

## Mezani: jinsi ya kujua tofauti imetoka wapi

Tatizo la kwanza kukutana nalo ni chaji iliyobaki. Jenereta hurudia palsi, na konvolusheni yetu imeanza na kapasita tupu. Ukiweka kipindi cha milisekunde 4, yaani palsi ya 2 na mapumziko ya 2, kapasita haipati muda wa kumaliza. Baada ya mizunguko michache utaona wimbi linalocheza kati ya volti 0.60 na 4.40, na hakuna mahali linapogusa sifuri. Hesabu haijakosea, umeipa saketi ingizo tofauti. Weka kipindi cha milisekunde 12, na kinachobaki kabla ya palsi inayofuata kitakuwa kama milivolti 0.2 hivi, kisichoonekana kwenye skrini. Na ikiwa ni lazima uanze na kapasita yenye volti fulani, jumlisha tu volti hizo mara e^(−t/τ) kwenye jibu la konvolusheni.

Tatizo la pili ni kilele kutokuwa 4.32. Hapa eneo linarudi kazini, kwa sababu linatenganisha vyanzo viwili vinavyofanana kwa macho.

Tuseme kapasita yako iko juu kwa asilimia 10, jambo la kawaida kwa kapasita nyingi za seramiki. Tau inakuwa 1.1 na kilele kinashuka hadi volti 4.19. Lakini eneo linabaki 10, maana kapasita kubwa inapanda polepole na inashuka polepole pia.

Tuseme badala yake umetumia probu ya osiloskopu kwenye nafasi ya ×1, yenye ukinzani wa megaomu 1 kwenda ethi. Sasa kuna mgawanyo wa volti kati ya kiloomu 10 na megaomu 1, kilele kinakuwa karibu volti 4.29, na eneo linashuka hadi 9.90. Eneo la h halikuwa 1 tena. Hamishia probu kwenye ×10 na sehemu kubwa ya tofauti itaondoka.

Kwa hiyo soma vitu viwili tofauti. Eneo linakuambia kama kuna volti zinazovuja kwenda kwenye mzigo. Muda wa tokeo kushuka kutoka kileleni hadi asilimia 37 ya kilele unakuambia tau halisi ni ngapi. Osiloskopu nyingi za kidijitali zinaweza kupima eneo zenyewe. Hakikisha tu mstari wa sifuri umekaa sawasawa, kwani milivolti 20 za kuhama kwenye dirisha la milisekunde 10 zinaongeza 0.2 kwenye eneo, zaidi ya kosa unalolitafuta.

## Ukitaka kompyuta ikufanyie

Kwa ingizo lisilo na fomula nzuri, kata wakati kuwa hatua ndogo na ujumlishe. Kwa Python:

```python
import numpy as np
dt, tau = 0.01, 1.0          # milisekunde
n = np.arange(1000)
h = np.exp(-(n + 0.5)*dt/tau)/tau
x = np.zeros(1000)
x[:200] = 5.0
y = np.convolve(x, h)[:1000]*dt
print(y.max(), y.sum()*dt)
```

Namba ya kwanza inatoka 4.3233, na ya pili inakaribia 10. Inapungua kidogo kwa sababu tumeukata mkia kwenye milisekunde 10. Ukiona kilele cha volti 432, umesahau kuzidisha na `dt`: `np.convolve` inajumlisha tu, haijui upana wa vipande vyako. Ile 0.5 ndani ya h inaichukua thamani katikati ya kila kipande. Ukiiondoa, kilele kinapanda hadi 4.345, kwa kuwa kila kipande kinahesabiwa kwa ukingo wake ulio juu zaidi. Na kwa mpangilio huu y[n] ni tokeo la mwisho wa kipande cha n, kwa hiyo unapochora grafu, mhimili wa wakati uwe `(n + 1)*dt`.

Ikate dt iwe angalau mara hamsini ndogo kuliko tau, na pia ndogo kuliko kitu chembamba zaidi kilichomo kwenye ingizo. Kwa ile palsi ya milisekunde 0.05, dt ya 0.01 inakupa vipande vitano tu. Kwa palsi yenye kona kali vinatosha, kwa sababu eneo linatoka sawa. Kwa palsi yenye kona zilizolala, shuka hadi 0.001 na uongeze idadi ya sampuli ili dirisha lisifupike.